Shajara ya mradi: sketi nne za krepu moja, Ngamiani, Tanga

Jumatatu

Krepu nimeshainunua, ya polista, rangi ya kijani cha mwembe, upana sentimita 150. Nimechukua mita tano na robo. Mradi wenyewe ni huu: kushona sketi nne kwa kitambaa hicho hicho na kwa vipimo vya mtu yule yule, halafu nizitundike hapa kibandani. Mteja akija na picha ya simu akisema "nataka kama hii", ashike sketi mkononi na aione ikitembea kabla sijagusa mkasi. Picha inaonyesha mtu amesimama. Sketi inavaliwa na mtu anayepanda bajaji.

Vipimo ni vya binti ninayemfundisha kazi, kwa sababu yupo hapa kila siku na hachoki kuvua na kuvaa. Kiuno 72, hipsi 98, urefu kutoka kiunoni hadi gotini 60. Zote nne zitakuwa na urefu huo wa 60, ili kinachotofautiana kiwe umbo peke yake.

Nitashona ya penseli, ya A, ya mwamvuli, na ya mshazari. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nianze mradi wote, nitaieleza ikifika zamu yake.

Kitambaa nimekilowesha na kukianika kivulini kwanza. Polista hairudi sana, ila nataka kiwanda kimalize mambo yake kabla sijaanza yangu.

Jumanne

Ya penseli imekatwa na kuunganishwa leo. Imechukua sentimita 80 tu za kitambaa, mbele na nyuma vikikaa bega kwa bega.

Hapa mtande, yaani zile nyuzi ndefu zinazokwenda sambamba na ukingo wa kitambaa, unashuka wima kutoka kiunoni hadi gotini. Mtande hauvutiki. Kwa hiyo sketi ya penseli haitoi kitu chenyewe. Kila nafasi ambayo mwili unahitaji lazima fundi aiweke kwa makusudi. Hipsi nimeongeza sentimita 4 ili binti aweze kukaa. Tofauti ya kiuno na hipsi nimeigawa: nyingine imekatwa mishononi ubavuni, nyingine imeingia kwenye dati, yaani mikunjo myembamba inayoshonwa kutoka kiunoni na kuishia kwa ncha, mbili za mbele na mbili za nyuma. Za nyuma ni ndefu kuliko za mbele, kwa sababu kalio liko chini kuliko tumbo. Pindo nimelipunguza hadi 90, yaani ni jembamba kuliko hipsi. Hapo ndipo umbo la penseli linapatikana.

Pindo la 90 halimruhusu mtu kupiga hatua, basi nyuma kuna mpasuo wa sentimita 18. Binti alipoivaa kabla sijafungua mpasuo, alitembea kwa hatua fupi fupi na sketi ikawa inapanda. Kila akisukuma paja mbele, kitambaa kinakosa pa kwenda, kinajivuta juu kiunoni. Nilipofungua ikatulia. Mteja akilalamika kwamba sketi yake ya penseli inapanda akitembea, nitaangalia mpasuo kwanza kabla ya kugusa kiuno.

Ishara nyingine ya kuangalia ni mikunjo. Ikitokea mistari ya kulala mbele, kuanzia mshono wa ubavu huu hadi ule, chini kidogo ya tumbo, hipsi imebana. Ikitokea mikunjo ya kulala nyuma, juu ya kalio na chini ya mkanda, sketi imeshindwa kushuka kwa sababu hipsi imeizuia, na kitambaa cha ziada kimejikusanya pale juu. Wengi huona mikunjo hiyo wakapunguza kiuno, na tatizo linazidi.

Krepu peke yake ni nyepesi mno kwa umbo hili. Mtu akikaa saa nzima ofisini, akisimama nyuma imetoka kifuko. Nimeweka bitana nzima, imekatwa wima vilevile, fupi kuliko sketi kwa sentimita 2. Bitana ndiyo inayobeba uzito wa kukaa.

Jumatano

Ya A. Jina hili lilishika huko Paris mwaka 1955, Christian Dior alipouita mkusanyo wake wa majira ya kuchipua mstari wa A. Umbo ni rahisi kueleza: inashika kiuno, inapita hipsi bila kubana, kisha inaachana na mwili na kupanuka hadi chini.

Rahisi kueleza, ila kuna njia mbili za kuikata na moja haifai. Njia ya haraka ni kuchukua karatasi ya kukatia sketi iliyonyooka na kuongeza upana ubavuni tu, kushoto na kulia. Ukifanya hivyo mbele inabaki bapa kama ilivyokuwa, na upana wote unasimama pembeni kama masikio. Mvaaji akitazamwa kwa mbele anaonekana mpana, akitazamwa kwa ubavu anaonekana hana sketi ya A kabisa.

Nimefanya hivi: nimechora mstari kutoka ncha ya dati hadi pindo, nimekata karatasi juu ya mstari huo, nimeifumba dati pale juu. Dati ikifungwa juu, karatasi inafunguka chini yenyewe. Upana umeingia katikati ya paja, mbele na nyuma, na dati zimetoweka. Ubavuni nimeongeza kidogo tu. Pindo limetoka sentimita 130 mzunguko mzima.

Kitu kimoja cha kuzingatia: mshono wa ubavu sasa umelala, na mstari uliolala ni mrefu kuliko uliosimama. Pindo likikatwa kwa rula iliyonyooka, sketi itaning'inia pembeni. Nimepandisha pembe za ubavu kidogo, pindo likawa na upinde mwepesi, na mvaaji akisimama linaonekana limenyooka.

Inavyotembea: inakwenda kwa pamoja. Binti akigeuka, sketi yote inayumba upande mmoja na kurudi kama kengele, kisha inatulia anapotulia. Haigusi mapaja sana. Kwa joto la Tanga hilo si jambo dogo.

Alhamisi

Ya mwamvuli, na hesabu yake. Kiuno ni mzunguko wa duara dogo la katikati, hivyo 72 gawanya kwa 6.28 unapata 11.5. Hiyo ndiyo kamba ya kuzungushia chaki pale katikati. Ongeza urefu wa 60, kamba ya nje inakuwa 71.5. Duara zima lina upana wa sentimita 143, na kwa krepu ya 150 linaingia lote bila mshono. Mita moja na nusu ya kitambaa, kisha mkato mmoja nyuma wa kuwekea zipu. Pindo lake ni karibu mita nne na nusu. Ya A ina mita moja na sentimita 30. Hapo mtu anapata picha ni kitambaa kiasi gani kinachozunguka miguu.

Duara dogo la katikati nimelikata dogo zaidi kidogo kuliko hesabu. Ukingo wa mviringo unatanuka ukiguswa tu, na kiuno kilichotanuka hakirudi. Mara baada ya kukata nimepitisha mshono mmoja wa kuzuia kuzunguka tundu lote, kabla hata ya kukipima mwilini.

Sketi hii haishikwi popote isipokuwa kiunoni. Hipsi haina kazi, dati hakuna. Kitambaa kinatoka kwenye mkanda kikiwa kimetulia na kinapoelekea chini kinajikunja chenyewe kuwa mawimbi. Krepu imeanguka karibu na mwili, mawimbi membamba mengi. Nilijaribisha kipande cha kitenge kipya kwa mkato huo huo, na chenyewe kimesimama mbali na mwili kwa mawimbi machache makubwa, kwa sababu pamba ile ina wanga na uzi wake umekaza. Hesabu ni moja, sketi mbili tofauti kabisa. Tena kitenge chenye picha zinazoelekea upande mmoja kina neno lake: kwenye duara ndege wa mbele anasimama, wa ubavuni analala, wa nyuma yuko kichwa chini. Khanga ndiyo haikatiki hivyo hata kidogo, utapoteza pindo na jina lake vyote viwili.

Jioni tumeipeleka Raskazone, barabara ya ufukweni. Kusi limekaza mwezi huu. Binti akizunguka, pindo linanyanyuka, na akisimama ghafla kitambaa kinaendelea na safari, kinamzunguka miguu, halafu kinarudi. Kwa ngoma au harusi inapendeza mno. Kwa pikipiki ni fedheha. Anayetaka mwamvuli wa kutembelea mjini avae gaguro ndani, nami nitamwambia hivyo kabla hajalipa arubuni.

Sijaikunja pindo bado. Nimeitundika kwa vibanio kwenye kamba, ikae mpaka kesho kutwa.

Ijumaa, baada ya swala

Leo amekuja mama mmoja na sketi ya satini, si kazi yangu. Baada ya shikamoo na marahaba akaniwekea mezani.

"Fundi, hii sketi inanizunguka. Nikitoka nyumbani mshono uko ubavuni, nikifika Chumbageni umeshakuja mbele."

Nimempa kiti, nikaigeuza. Sketi ya mshazari, vipande viwili, mbele na nyuma. Nimeikazia macho nyuzi zake: mbele mtande umelala kutoka kushoto juu kwenda kulia chini. Nyuma nao vilevile, kushoto juu, kulia chini. Yaani ukiufuata kwa kidole unamzunguka mvaaji kama uzi wa skrubu, bila mahali pa kurudi. Kila hatua inasukuma kitambaa upande ule ule. Aliyekata aliviweka vipande vyote viwili kichwa upande mmoja, pengine ili kuokoa kitambaa.

Haitengenezeki bila kukata upya kipande cha nyuma, na satini ya rangi ile sina. Nimemweleza hivyo. Amesema ataivaa nyumbani. Nami nimemwonyesha krepu yangu ya kijani iliyobaki mezani na kumwambia apite wiki ijayo aone inavyotakiwa iwe.

Jumamosi

Ya mshazari sasa.

Kwa anayeanza, jaribio la leso linatosha. Shika leso ya pamba kwenye kingo mbili zinazotazamana, uvute. Haitoi kitu. Sasa ishike kwenye pembe mbili zinazotazamana, uvute. Inarefuka, na kadiri inavyorefuka inakuwa nyembamba. Nyuzi zenyewe hazikurefuka. Vile vimraba vidogo kati ya mtande na mshindio, zile nyuzi zinazoukata mtande kwa upana, ndivyo vilivyolala vikawa na umbo la kashata. Sketi ya mshazari ni hiyo: kitambaa kimegeuzwa nusu pembe mraba, nyuzi 45, ili uzito wake wenyewe uvute pembe kwa pembe.

Madeleine Vionnet, mshonaji wa Paris aliyefungua duka lake mwaka 1912, ndiye aliyeifanya njia hii kuwa msingi wa gauni zima. Alikuwa akijaribia mikato yake juu ya mwanasesere mdogo wa mbao kabla ya kwenda kwenye kitambaa kikubwa. Sina mwanasesere. Nina binti.

Nimechukua karatasi ile ile ya sketi ya A ya Jumatano. Sijaongeza, sijapunguza, pindo ni 130 vilevile. Nimeigeuza tu juu ya kitambaa. Nilitaka kuona tofauti inayotoka kwenye uzi peke yake.

Kitambaa nimekitandaza tabaka moja. Krepu ikikunjwa mara mbili, la chini linateleza na huoni. Mbele nimechora mtande ukielekea kulia chini, nyuma nimechora ukielekea kushoto chini. Hivyo ubavuni nyuzi zinakutana kama mshale, upande huu unasukuma kule na ule unasukuma huku, na mshono unabaki mahali pake. Kila kipande kimekula karibu mita nzima ya kitambaa kwa sababu ya kulala kwake, na pembe zinabaki vipande visivyo na kazi isipokuwa utepe. Hii ndiyo ghali kuliko zote nne, ghali kuliko ya mwamvuli, na mteja akiitazama imetundikwa hataelewa kwa nini. Pembeni nimeacha ziada ya sentimita 3 ya mshono, si moja na nusu ya kawaida.

Kabla ya kushona nimevitundika vipande vyote viwili kwa kichwa, usiku kucha.

Jumapili

Asubuhi nimevilaza mezani na kuviwekea karatasi juu. Katikati, urefu wa 60 umekuwa 62 na nusu. Ubavuni umeongezeka kidogo sana, kwa sababu pale mkato umelala na unakaribia njia ya uzi. Na upana wa hipsi, uliokuwa 102, umekuwa kama 98. Zile sentimita 4 za nafasi nilizoweka kwa ajili ya kukaa zimekwenda kwenye urefu. Nyongeza ya urefu inalipwa na upana.

Nimetandika karatasi upya na kukata ziada kwa umbo lililotokea. Hipsi nimetumia ile ziada ya mshono kurudisha sentimita 2 tu. Zaidi ya hapo si lazima, kwa sababu kitambaa kilichokatwa hivi kinampa mvaaji nafasi akikaa na kuirudisha akisimama.

Kushona: cherehani yangu ya kukanyaga haina zigizaga. Nimetumia sindano namba 11, mshono mfupi, uzi wa juu nimeulegeza, na mkono wa kushoto unavuta kitambaa kidogo nyuma ya mguu wa cherehani wakati unaingia. Mshono ukishonwa bila kuvutwa, sketi itarefuka na uzi hautarefuka nayo. Utaona ubavuni kumekunjamana kama kitambaa kilichofinywa, au uzi utakatika siku ya kwanza mtu akipanda ngazi. Ukivutwa kupita kiasi nao unatoa mawimbi. Nimejaribu kwanza kwenye kipande cha pembe, nikakivuta mpaka mwisho nikaona uzi umehimili.

Zipu inataka kitambaa kilichotulia, na mshazari hautulii. Nimebandika utepe uliokatwa wima pande zote mbili za tundu la zipu kabla ya kuishona, na mkanda wa kiuno nao nimeukata wima. Kiuno ndipo mahali pekee ambapo sketi hii inakatazwa kutanuka.

Jumatatu

Binti amevaa ya A, akavua, akavaa ya mshazari. Karatasi moja, pindo moja.

Ya A inamwacha hipsini na kwenda zake. Ya mshazari inamfuata: kiuno, mviringo wa hipsi, nusu ya paja, bila dati hata moja, kisha chini inafunguka kwa mawimbi mawili matatu laini. Akitembea, paja linaonekana likisukuma kitambaa, na pindo linachelewa kidogo nyuma ya hatua kabla ya kufika. Akipanda ngazi ya duka la jirani haikumzuia popote, ilhali ukiipima upana ni ndogo kuliko ya A. Alipokaa kwenye bajaji haikupanda kama ile ya penseli.

Ila inasema kila kitu. Mshono wa nguo ya ndani umeonekana, na mkunjo wa shumizi pia. Mteja asiyependa hilo, nitamtoa kwenye mshazari nimpeleke kwenye A, hata akija na picha. Mwili mwembamba au mnene si hoja hapa. Hoja ni kama mvaaji anataka kitambaa kiufuate mwili wake au kiuache.

Kitambaa pia kina sauti. Kitenge kipya kikikatwa mshazari kinafuata hipsi kweli, lakini chini kinasimama kikavu, hakitiririki. Viskosi inatiririka kuliko krepu hii, na inashuka zaidi pia, kwa hiyo itundikwe siku mbili au zaidi.

Jumanne

Mapindo. Binti amesimama juu ya kibao, mimi chini na rula ya mbao na chaki, ninapima kutoka sakafuni kwenda juu na si kutoka kiunoni kwenda chini.

Ya penseli: imekaa sawa pote. Pindo pana la sentimita 4, limeshonwa kwa mkono, uzito wake unaivuta chini vizuri.

Ya A: ubavuni milimita chache tu. Pindo la sentimita 2.

Ya mwamvuli ndiyo ya kutazama. Haikushuka sawasawa, imeshuka mahali pane, karibu sentimita 2 kila mahali: mbili mbele, moja kila upande kati ya katikati na ubavu, na mbili nyuma vilevile. Duara zima lina kila mwelekeo wa uzi ndani yake. Mbele, nyuma na ubavuni uzi uko wima au umelala, haushuki. Katikati ya hapo ni mshazari, unashuka. Sketi ya mwamvuli iliyokunjwa pindo siku ile ile ya kukatwa, baada ya wiki itakuwa na ncha nne, na mwenyewe atadhani ni mkasi wa fundi. Nimekata ncha na kukunja pindo jembamba la nusu sentimita. Pindo pana kwenye mviringo halilali, kwa sababu ukingo wa nje ni mrefu kuliko pale unapokunjiwa.

Ya mshazari: imeongeza nusu sentimita nyingine mbele tangu ishonwe. Nimesawazisha, pindo jembamba la mkono, uzi umelegezwa.

Tatu ziko ukutani kwenye hanga. Ya mshazari nimeikunja na kuiweka kwenye kabati la kioo, mteja akitaka kuiona nitaitoa. Ikikaa kwenye hanga mwezi mzima itaendelea kushuka, na nitalazimika kupima pindo upya.